Uzi: Swali la pakiti 16 za unga, ni t au z? Majibu yetu mawili yanapingana

mwaka_wa_pili

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kwenye swali hili. Kwenye karatasi liko kwa Kiingereza, naliweka kwa Kiswahili bila kubadilisha namba hata moja:

"Mashine ya kufungasha unga wa sembe imewekwa ijaze gramu 2,000 kwa kila pakiti. Pakiti 16 zilichukuliwa bila kuchagua, zikapimwa. Wastani wake ulikuwa gramu 1,988 na mkengeuko sanifu gramu 24. Uzito wa pakiti unafuata mgawanyo wa kawaida. Kwa kiwango cha 5%, pima kama wastani wa ujazo wa mashine umebadilika."

Hesabu yenyewe haina ugomvi. Tunagawa 24 kwa mzizi wa 16, tunapata 6. Tofauti ni 1,988 − 2,000 = −12. Gawanya kwa 6 unapata −2.00. Hapo wote tuko pamoja.

Shida inaanza kwenye jedwali. Mwenzangu anasema mgawanyo ni wa kawaida, swali lenyewe limetamka, kwa hiyo ni z na mpaka ni 1.96. 2.00 imevuka 1.96, basi anakataa H0. Mimi nimetumia t yenye digrii 15 za uhuru, mpaka 2.131, na 2.00 haijafika. Sikatai H0. Swali moja, namba moja, majibu mawili yanayopingana. Nani yuko sahihi, na kwa sababu gani?

---

Bingwa_wa_Namba

Mkuu, hili dogo. Kanuni ni moja tu: sampuli ikiwa chini ya 30 ni t, ikiwa 30 au zaidi ni z. Hapa n ni 16, kwa hiyo t. Wewe uko sahihi kwenye jaribio, ila umesoma safu isiyo yake. Digrii 15, kiwango cha 5%, jedwali linasema 1.753. 2.00 imeshaivuka, kwa hiyo hata kwa t unakataa H0. Jibu la mwenzako limetokea sawa kwa njia mbaya.

---

Bi_Sampuli

Bingwa, kwa heshima, hapo kuna mambo mawili na yote yanahitaji kurekebishwa.

La kwanza ni safu ya jedwali. Swali linasema "umebadilika". Halijasema "umepungua". Mashine inaweza kubadilika kwa kujaza pungufu au kwa kujaza zaidi, kwa hiyo ile 5% inagawanywa 2.5% kila upande, na mpaka wa digrii 15 ni 2.131. Hiyo 1.753 ni ya mkia mmoja, ingetumika kama swali lingeuliza "pima kama mashine inajaza pungufu". Na tuelewane: huwezi kuona kwanza wastani ni 1,988, ukasema "aa, umepungua", halafu ukahamia mkia mmoja. Mkia unatoka kwenye maneno ya swali kabla data haijaguswa. Kwa swali hili lilivyoandikwa, mwaka_wa_pili amesoma sawa.

La pili ndilo kubwa zaidi. Umesema t kwa sababu n ni 16. Jaribio ni t kweli, lakini sababu siyo hiyo. Nabadilisha sentensi moja tu ya swali:

"Rekodi za miaka mingi za kiwanda zinaonyesha kuwa mkengeuko sanifu wa mashine hii ni gramu 24. Pakiti 16 zilipimwa, wastani ukawa gramu 1,988."

n bado ni 16. Namba zote ni zilezile, −2.00 ni ileile. Lakini sasa ni z, mpaka ni 1.96, na H0 inakataliwa. Kanuni yako ya 30 ingekupeleka kwenye t hapa na ungekosa swali zima.

Cha kuuliza kwanza si "sampuli ina ukubwa gani". Uliza "hii 24 imetoka wapi". Imetoka kwenye zile pakiti 16 zilizopimwa, au ilijulikana kabla hata pakiti moja haijachukuliwa? Ikitoka kwenye sampuli ni s, tunaenda t. Ikiwa ya mashine yenyewe, ya pakiti zote inazojaza, ni σ, tunaenda z.

---

mwaka_wa_pili

Asante sana Bi Sampuli. Lakini mwenzangu bado anashikilia lile neno "unafuata mgawanyo wa kawaida". Anasema swali lisingetaja mgawanyo wa kawaida kama halitaki z.

---

Bi_Sampuli

Mwambie sentensi hiyo inahusu uzito wa pakiti mojamoja. Jaribio la t nalo linaihitaji, tena linaihitaji kuliko z ya sampuli kubwa. Ukiwa na pakiti 16 tu na uzito umejikunja upande mmoja, au pakiti moja imepasuka ikapoteza robo ya unga, hata ile 2.131 haitegemeki. Kwa hiyo mtunga swali aliiweka kukuruhusu utumie t. Hakuiweka kukupeleka z.

Sasa kwa nini s inaharibu 1.96? Fikiria unachogawia. Ukiwa na σ, chini ya mstari kuna namba isiyotikisika. Ungerudia sampuli mara mia, wastani ungebadilika kila mara lakini 6 ingebaki 6. Ukiwa na s, chini ya mstari nako kunatikisika. Kwa sampuli ya 16 kutoka mgawanyo wa kawaida, s inayumba kwa karibu 18% ya σ. Maana yake mashine hiyohiyo, siku hiyohiyo, pakiti 16 nyingine zingeweza kukupa s ya 20 au ya 28 bila ajabu yoyote. Sampuli ikikupa s ndogo kwa bahati tu, mgao unakuwa mkubwa na unakataa H0 isiyo na kosa. t inaongeza mpaka ili kufidia hilo.

Fidia hiyo inapimika. Ukitumia 1.96 kwenye swali lenye s na n ya 16, unadhani unakosea kwa 5%, kumbe unakosea kwa karibu 7%. Kwa n ya 5 inakuwa karibu 12%.

---

Bingwa_wa_Namba

Kwenye mikia nakubali, nimesoma haraka. Lakini hii 30 hatukuitunga sisi. Iko kwenye notsi za vyuo vingi, na mitihani inasahihishwa nayo. n ikiwa 36 na umepewa s, kila mtu anatumia z. Nao wote wamekosea?

---

Bi_Sampuli

Haikutungwa bure, lakini si sheria ya hisabati. Jedwali nyingi za t zilizochapwa zinaandika kila digrii kuanzia 1 hadi 30, kisha zinaruka 40, 60, 120, halafu mstari wa mwisho ambao ndio z yenyewe. Enzi za kusoma jedwali kwa kidole, kusema "ukifika 30 tumia z" kulikuwa kurahisisha kazi, kwa sababu t inaikaribia z taratibu. Angalia mikia miwili kwa 5%: digrii 4 ni 2.776, digrii 15 ni 2.131, digrii 35 ni 2.030, digrii 99 ni 1.984. Hakuna mahali inaporuka ghafla. Kwenye 30 hakuna ukuta.

Na mwenyewe aliyeanzisha t, William Gosset, alikuwa mkemia wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin. Makala yake ya 1908, aliyoitoa kwa jina la "Student", ilizaliwa na shida ya sampuli ndogo. Ndiyo maana watu wengi wanaifunga t na neno "ndogo". Lakini kilichokuwa kinamsumbua ni kwamba σ haijulikani na s ya vipimo vichache haiaminiki. Kama angekuwa na σ, uchache wa vipimo usingemzuia kutumia jedwali la kawaida, mradi vipimo vyenyewe vinafuata mgawanyo wa kawaida.

Kwa n ya 36 na s: jaribio halisi ni t yenye digrii 35. Ukitumia z ni makadirio, na mara nyingi jibu halibadiliki. Litabadilika tu pale hesabu yako ikiangukia kati ya 1.96 na 2.030. Ikikuletea 1.4 au 3.1, z na t zitasema kitu kimoja.

---

Msahihishaji

Niongeze kwa upande wa mtihani, maana hapa ndipo alama zinapotea.

Kama notsi za kozi yako zinasema wazi "n ikiwa 30 au zaidi tumia z na weka s mahali pa σ", basi kwenye mtihani wa kozi hiyo fuata hivyo, lakini andika sentensi moja kabla ya hesabu: "σ haijulikani; kwa kuwa n = 36 ni kubwa, s inatumika kukadiria σ." Anayesahihisha anaona kuwa unajua unachofanya. Asiyeandika na anayetumia z tu, hakuna njia ya kujua kama alielewa au alikisia. Vivyo hivyo ukichagua t kwa n ya 36, andika "σ haijulikani, digrii 35". Ni vigumu mtu kukunyima alama kwa jibu lililo sahihi zaidi ya notsi zenyewe, ingawa siwezi kuwasemea wote.

Kosa ninalolikuta kwenye karatasi nyingi ni lingine kabisa. Swali linatoa "varianzi ya pakiti zote ni 576". Mtu anaona neno "zote", anachagua z kwa usahihi, halafu anagawa 576 kwa mzizi wa 16. Anapata 144 badala ya 6, na z inakuwa −0.08. Ukiona jibu lako liko karibu mno na sifuri wakati tofauti ya wastani inaonekana kubwa, rudi uangalie kama ulichukua mzizi wa varianzi.

---

Shamba_Darasa

Samahani kwa kuingilia. Nami nina ya kwangu inayofanana. Mfuko wa mbegu umeandikwa uotaji 90%. Nimeotesha mbegu 40, zimeota 32, yaani 80%. Nataka kupima kama uotaji ni chini ya 90%. σ sijapewa popote. Kwa hiyo kwa kanuni ya Bi Sampuli hii ni t yenye digrii 39, siyo? Sasa s yake naipataje?

---

Kalkuleta254

Hapana ndugu yangu, hapo swali limehama. Wao wanapima wastani wa uzito. Wewe unahesabu zilizoota na zisizoota, hiyo ni sehemu ya mia. Kwenye sehemu ya mia hakuna σ ya kutafuta pembeni, kwa sababu H0 yenyewe inaileta. Ukishasema "tuseme uotaji ni 0.9", mtawanyiko umeshajulikana: 0.9 × 0.1. Ndiyo maana maswali ya sehemu ya mia hayaendi t kamwe, hata sampuli ikiwa ndogo.

Kwa z: 0.09 gawa kwa 40, chukua mzizi, unapata 0.0474. Tofauti ni −0.1. z ni −2.11. Mpaka wa mkia mmoja kwa 5% ni −1.645, unakataa.

Lakini subiri kidogo. Kabla ya kutumia z hapa, hesabu idadi unayotarajia kila upande chini ya H0. Zinazotarajiwa kuota ni 36, sawa. Zinazotarajiwa kutoota ni 4 tu. Vitabu vingi vinataka angalau 5, vingine 10. Nne ni chache, na mgawanyo wake umelala upande mmoja, kwa hiyo jedwali la z linakudanganya kiasi. Njia salama ni kuhesabu moja kwa moja uwezekano wa kupata 32 au pungufu. Kwenye Excel:

```
=BINOM.DIST(32,40,0.9,TRUE)
```

Inatoa kama 0.042. z yako ya −2.11 ingekuambia 0.0175. Zote ziko chini ya 0.05, kwa hiyo kwa 5% hukumu ni ileile, lakini moja ni zaidi ya mara mbili ya nyingine. Kwa kiwango cha 2.5% z ingekataa na hesabu halisi isingekataa.

Na ukiweza, otesha mbegu zaidi. Kwa 200, zinazotarajiwa kutoota ni 20, na z inakaa vizuri.

---

Shamba_Darasa

Nimeelewa, asante. Basi si t kwa sababu H0 imeshanipa mtawanyiko. Mfuko ninao bado, nitaongeza mbegu nyingine kwenye trei.

---

Kalkuleta254

Sawa, ila zipime upya kama kundi jipya lenye idadi uliyoiamua kabla. Ukiwa unaongeza kumi kumi huku unachungulia jibu mpaka likupendeze, ile 5% haina maana tena.

---

mwaka_wa_pili

Narudi kwenye uzi. Swali lilikuwa na sehemu ya pili, na hapo tumepotea sote wawili. Hawakutoa mkengeuko, wametoa pakiti 5 za mashine nyingine:

1,990, 1,975, 2,004, 1,986, 1,985

"Kwa kiwango cha 5%, pima kama wastani ni tofauti na 2,000." Mimi nimepata t ya −2.55, mwenzangu −2.85. Mpaka wa digrii 4 ni 2.776. Yaani tena tunapingana, na safari hii wote tumetumia t!

---

Kalkuleta254

Hii naijua bila kuona karatasi zenu. Ni kibonye cha kalkuleta.

Wastani ni 1,988. Tofauti za kila pakiti na wastani ni 2, −13, 16, −2, −3. Zipige kipeo cha pili ujumlishe: 4 + 169 + 256 + 4 + 9 = 442. Sasa njia zinaachana. Ukigawa 442 kwa 5 na kuchukua mzizi, unapata 9.40. Ukigawa kwa 4, unapata 10.51. Kwenye Casio za aina ya MS, hizi ni `xσn` na `xσn-1`, zimekaa jirani, na kwenye ES PLUS ni `σx` na `sx`. Mwenzako amechukua 9.40, akagawa kwa mzizi wa 5, akapata 4.205, na −12 gawa kwa 4.205 ni −2.85. Wewe umechukua 10.51 ukagawa kwa mzizi wa 5, umepata 4.701, na t ni −2.55.

Yako ndiyo sahihi. 2.55 haijafika 2.776, hukatai H0. Yeye amekataa H0 kwa sababu ya kibonye kimoja. Kwa sampuli ya 5 tofauti ya n na n−1 si ya kupuuza, ni karibu 12% ya mkengeuko.

---

Bingwa_wa_Namba

Hapa nina la kusema, maana kuna vitabu vinavyofundisha kutumia mzizi wa n−1 chini. Yaani 9.40 gawa kwa mzizi wa 4. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa na sijawahi kukosa.

---

Kalkuleta254

Na uko sawa kabisa, Bingwa. 9.40 gawa kwa 2 ni 4.70, ileile. Fomula hizo mbili ni kitu kimoja: ukigawa kwa n kwenye mkengeuko, unalipa kwa kuweka n−1 chini ya mzizi baadaye. Kinachoua ni kuchanganya, kuchukua mkengeuko wa kitabu kimoja na mzizi wa kitabu kingine. Ndicho alichofanya mwenzake. Au unalipa mara mbili: 10.51 gawa kwa 2, unapata 5.26 na t inashuka hadi −2.28.

---

mwaka_wa_pili

Sasa basi kwenye lile swali la kwanza, 24 wamegawa kwa n au kwa n−1? Hawakusema.

---

Msahihishaji

Wasiposema, "mkengeuko sanifu wa sampuli" unachukuliwa kuwa wa n−1, na unagawa kwa mzizi wa n. Lakini angalia jinsi kozi yako inavyoandika fomula. Kama kozi inagawa kwa n, ile 24 unaigawa kwa mzizi wa 15, unapata 6.197, na t ni −1.94. Kwa mikia miwili hukumu haibadiliki, bado hujafika 2.131. Kwa swali hili una bahati, andika tu fomula uliyotumia.

---

Mtu_wa_Data

Tahadhari kwa wanaofanyia Excel, kwa sababu lile kosa la kwanza la mwenzake mwaka_wa_pili, la kutumia z penye s, linaweza kufanywa na kompyuta bila wewe kujua. Kuna fomula ya `Z.TEST`. Ukiiwekea data na 2,000 bila kuweka σ, haikatai. Inachukua mkengeuko wa sampuli kimyakimya na kuendelea na z. Juu ya hapo inakupa uwezekano wa mkia mmoja, ule wa juu. Kwa hizi pakiti 5 zilizo chini ya 2,000 itakupa namba karibu na 0.99, na mtu asiyejua ataduwaa.

Mimi natafuta mpaka peke yake na kulinganisha kwa macho:

```
=T.INV.2T(0.05,15)
=NORM.S.INV(0.975)
```

Ya kwanza inatoa 2.131, ya pili 1.960. Zingatia kwamba ya t imeshagawa mikia yenyewe, ndiyo maana imewekwa 0.05. Ya z haigawi, ndiyo maana imewekwa 0.975. Ukiweka 0.975 kwenye ya t utapata kitu kidogo sana kisicho na maana kwako.

---

mwaka_wa_pili

Naandika jibu langu la mwisho la sehemu ya kwanza, mnirekebishe:

H0: wastani = 2,000. H1: wastani si 2,000. Gramu 24 imetoka kwenye pakiti 16 zilizopimwa, σ ya mashine haijulikani, uzito unafuata mgawanyo wa kawaida, kwa hiyo t yenye digrii 15. t = −2.00. Mpaka ni 2.131 kila upande. Haijavukwa, kwa hiyo wastani haujabadilika.

---

Bi_Sampuli

Nzuri mpaka sentensi ya mwisho. Usiandike "wastani haujabadilika". Andika "kwa kiwango cha 5% hakuna ushahidi wa kutosha kwamba umebadilika". Gramu 12 pungufu kwa pakiti 16 si kitu cha kusema mashine ni nzima. Uwezekano wake kwa mikia miwili ni kama 0.064, uko jirani kabisa na mpaka. Pakiti 40 zenye wastani na mkengeuko uleule zingetosha kukataa.

---

Bingwa_wa_Namba

Bi Sampuli, nina swali la mwisho, na hili kweli linanisumbua. Umesema tuulize σ imetoka wapi. Je, swali likisema hivi: "Kabla ya matengenezo mkengeuko sanifu wa mashine ulikuwa gramu 20. Baada ya matengenezo pakiti 16 zilipimwa, wastani 1,988, mkengeuko sanifu 24"? Hapo nina vyote viwili. Nikitumia 20 ni z, −12 gawa kwa 5 ni −2.40, nakataa. Nikitumia 24 ni t, −2.00, sikatai.

---

Msahihishaji

Kwenye mtihani, σ umepewa, itumie. z ni −2.40. Ile 24 imewekwa kukujaribu. Na kama unataka kuhakikisha, pima kwanza kama mtawanyiko umebadilika: 15 × 576 gawa kwa 400 ni 21.6. Jedwali la kai mraba kwa digrii 15 linataka kati ya 6.262 na 27.488. Iko ndani, kwa hiyo hakuna dalili kwamba 20 imepitwa na wakati.

---

Bi_Sampuli

Hapa sikubaliani. "Hakuna dalili" kwa pakiti 16 ni kitu dhaifu, wewe mwenyewe umeona s inaweza kuyumba kutoka 20 hadi 28 bila chochote kubadilika. Jaribio hilo halina nguvu ya kuona mkengeuko uliopanda kutoka 20 hadi 24. Na mashine iliyofunguliwa ikafungwa si mashine ileile. Tunachopima ni kama imebadilika, kwa nini tudhani wastani ungeweza kubadilika lakini mtawanyiko hapana? Tena ukichagua kati ya z na t kwa kuangalia data kwanza, kiwango chako cha makosa si 5% uliyoandika. Mimi ningetumia t, niandike sababu, na gharama yake ni mpaka mkubwa kidogo tu.

---

Msahihishaji

Kiwandani ningekufuata. Lakini mtunga swali aliyeweka 20 pale aliiweka kwa kusudi, na mwanafunzi anayeiacha lazima aeleze kwa nini. Asipoeleza, anaonekana hakuisoma.

---

Bingwa_wa_Namba

Kwa hiyo akieleza vizuri na kutumia t, wewe unampa alama zote au unakata?

---

Msahihishaji

Inategemea swali limesema nini kuhusu matengenezo. Kama limesema "mtawanyiko haukuathirika", ni z na hakuna mjadala. Kama limenyamaza kama ulivyoandika wewe, ningempa aliyeeleza. Sina uhakika mwenzangu wa meza ya pili angefanya hivyo.